TAREHE IKIBADILIKA: Namna ya Kuwafikia Wote Walioandikishwa



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, somo letu la mwaka huu linatokana na kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tulihamisha siku ya mashindano ya kusoma Qurani. Tulituma ujumbe kwa simu zote zilizokuwa katika daftari, tukatangaza msikitini baada ya Swala ya Ijumaa, tukaona kazi imekwisha. Jumamosi ile ya zamani ilipofika, mzee mmoja alishuka na wajukuu wake wawili tangu alfajiri, mvua ikinyesha, watoto wamevaa kanzu zao nyeupe. Alikuta mlango umefungwa. Alipoulizwa kama hakupata ujumbe, alitoa mfukoni risiti ya ada, akasema, "Mwalimu, mimi karatasi yenu ndiyo imeniambia nije leo."

Mzee alikuwa na haki. Risiti ilikuwa na tarehe ya zamani. Namba ya simu iliyoandikwa katika daftari ilikuwa ya mwanawe anayefanya kazi Tanga mjini, na mwanawe aliusoma ujumbe, akadhani baba naye amepata wake. Ujumbe ulifika kwenye simu lakini haukumfika mwenye mtoto.

Kutokana na siku ile tulijifunza jambo moja, nalo ndilo somo letu lote: kubadilisha tarehe hakumaliziki ujumbe unapotumwa. Kunamalizika pale ambapo mbele ya kila jina katika daftari pana jibu, na tarehe ya zamani haikubaki hai mahali popote. Tutaeleza kwa mfano, hatua kwa hatua. Hesabu za mfano tumezipanga ili zifuatike kwa urahisi, lakini mambo yaliyomo yote yamewahi kututokea.

MFANO WETU

Mashindano yalipangwa Jumamosi tarehe 12 Aprili, saa 3 asubuhi. Walioandikishwa ni watoto 64 kutoka madrasa 9: za hapa Lushoto mjini, Magamba, Soni, Bumbuli, Mlalo na vijiji vya jirani. Kila mtoto alilipa ada ya shilingi 3,000. Kwa hiyo mfuko ulikuwa na shilingi 192,000.

Aprili ni masika. Wenyeji wa milima hii ya Usambara tunajua maana yake. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni huweza kuangukiwa na udongo na mawe, na zile za vumbi za kwenda vijijini hugeuka utelezi hata gari lisipande. Siku kumi kabla ya mashindano, magari ya upande mmoja yalikuwa hayapiti. Tukakubaliana tuhame hadi Jumamosi tarehe 14 Juni, mvua zikiwa zimepungua.

HATUA YA KWANZA: HAKIKISHA SIKU MPYA KABLA YA KUITAJA

Kosa baya kuliko kubadilisha siku ni kuibadilisha mara mbili. Mzazi aliyepewa tarehe tatu hatajua aishike ipi. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mzazi hata mmoja, tuliuliza wale ambao bila wao shughuli haiwezekani: majaji, mwenye gari, mwenye vipaza sauti, na walimu wa shule wanakosoma watoto wetu ili tusigongane na mitihani. Wote walipokubali ndipo tukaandika 14 Juni.

Kama siku mpya haijapatikana na siku ya zamani imekaribia, usisubiri. Ifute ya zamani kwanza, kisha useme lini utatangaza mpya. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilifanyiwa hivyo mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona. Tarehe 24 Machi ilitangazwa kwamba haitafanyika mwaka ule, na tarehe 30 Machi ndipo ikatajwa siku mpya ya kuanza, 23 Julai 2021. Hawakubahatisha tarehe ili tu waonekane wanayo.

Jambo jingine ni kutangaza pamoja tarehe zote zinazofuatana. Hapa kwetu Tanzania, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa maradhi hayohayo, wanafunzi wa kidato cha sita walirejeshwa shuleni tarehe 1 Juni, na mtihani wao wa taifa ukaanza tarehe 29 Juni. Mwanafunzi alihitaji kuzijua zote mbili, kwani ya kwanza ndiyo inayomwambia aondoke lini nyumbani. Nasi vilevile, zaidi ya 14 Juni tulitaja siku ya mwisho ya kujibu, ambayo ni 30 Aprili, na siku ya mwisho ya kurudishiwa ada, ambayo ni 31 Mei.

HATUA YA PILI: ANDIKA UJUMBE USIOWEZA KUELEWEKA VIBAYA

Ujumbe wetu wa mwaka ule wa kosa ulisema, "Mashindano yameahirishwa hadi Jumamosi ya pili ya mwezi." Wengine walielewa kwamba yamevunjwa. Wengine waliuliza, mwezi upi, wa Kiislamu au wa kizungu? Safari hii tuliandika hivi:

"Assalaam alaykum. Mashindano ya Qurani HAYATAFANYIKA Jumamosi 12 Aprili. Yatafanyika Jumamosi 14 Juni saa 3 asubuhi. Jibu NDIYO au HAPANA na jina la mtoto."

Tazameni ulivyopangwa. Tarehe ya zamani imetajwa kwanza na kukanushwa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomo kichwani mwa msomaji. Tarehe mpya ina jina la siku na namba yake pamoja, ili moja ikikosewa nyingine ishitaki. Saa imeandikwa kwa Kiswahili, saa 3 asubuhi, wala si 9:00, kwani mzazi mmoja akiona 9:00 atakuja saa tisa alasiri. Mahali hapakubadilika, kwa hiyo hatukupataja. Pangebadilika, tungepataja. Na mwisho tumeomba jibu, kwa jina la mtoto, kwa kuwa simu moja huweza kuwa ya watoto watatu, na huenda mmoja wao haji.

Ujumbe huo hauzidi herufi 160, pamoja na nafasi na nukta. Hicho ndicho kipimo cha ujumbe mmoja wa kawaida wa simu. Ukizidi, mtandao huukata vipande na kila kipande hulipiwa. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: ukiweka hata herufi moja ya Kiarabu, kipimo hushuka kutoka 160 hadi 70. Mwenzetu mmoja aliandika salamu kwa herufi za Kiarabu, kwa nia njema, na ujumbe wa moja ukalipiwa kama wa tatu. Salamu iandikwe kwa herufi hizi tunazosomea sasa. Uzuri wa mwandiko wa Kiarabu tuuache kwenye bango.

HATUA YA TATU: FUATA JINA MOJA BAADA YA JINGINE

Katika daftari tulichora safu nne mpya mbele ya kila jina: njia tuliyotumia, siku tuliyomfikia, nani aliyejibu, na jibu lake. Safu ya tatu ndiyo ingemwokoa yule mzee. Tukiona aliyejibu ni mjomba aliyeko mbali, tunajua kwamba bado hatujamfikia mwenye kumleta mtoto.

Siku tatu baada ya ujumbe, daftari lilisema hivi: NDIYO 41, HAPANA 5, kimya 18. Hapo ndipo wengi huacha, wakisema aliyenyamaza amekubali. Si kweli. Aliyenyamaza huenda simu yake haina chaji, huenda amebadilisha laini, huenda hajui kusoma.

Wanaotumia WhatsApp wasidanganyike na wingi wa majina katika kundi. Alama moja ya tiki maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake. Tiki mbili za kijivu, umefika. Tiki mbili za buluu, umefunguliwa, ingawa wapo waliozima alama hiyo. Na ukituma kwa orodha ya matangazo badala ya kundi, ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako katika simu zao. Mzazi ambaye hakuihifadhi hataona kitu, wala wewe hutaambiwa kwamba hakuona.

Kwa hiyo wale 18 tuliwapigia simu, na wanafunzi wakubwa walitusaidia. Tuliwafundisha wasiulize "Mmepata ujumbe?" kwa sababu kila mtu husema amepata. Waulize swali ambalo jibu lake ni tarehe. Mwanafunzi mmoja alimpigia bibi wa kule juu, akazungumza naye kwa Kisambaa, na mazungumzo kwa Kiswahili yalikuwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nyote wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Bibi, mtoto mtamleta lini kwenye mashindano?"

"Si Jumamosi hii? Ujumbe wenu nimesomewa."

"Hapana bibi. Hii ya sasa imefutwa. Ni mwezi wa sita, tarehe 14, siku ya Jumamosi."

"Kumbe! Mwezi wa sita, tarehe 14. Basi mwambie mwalimu atakuja, inshaallah."

Bibi alisomewa ujumbe, lakini alisikia neno Jumamosi tu. Aliporudia tarehe mpya kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo tukaandika NDIYO.

Katika wale 18, waliokubali ni 11, waliokataa ni 2, na 5 simu zao hazikupatikana kabisa kwa siku mbili, asubuhi na jioni. Hao tuliwaandikia barua fupi, tukazipeleka kwa walimu wa madrasa zao kwa mkono wa makondakta wa magari ya huko. Kila barua ilikuwa na kipande cha chini cha kukatwa na kurudishwa kikiwa na sahihi. Vipande vyote vitano vilirudi: 4 ndiyo, 1 hapana.

Sasa jumlisheni wenyewe. NDIYO ni 41 na 11 na 4, yaani 56. HAPANA ni 5 na 2 na 1, yaani 8. Jumla ni 64, sawa na walioandikishwa. Jumla hii isipolingana, yupo mtoto aliyesahauliwa, na kazi haijaisha.

HATUA YA NNE: WASIOWEZA KUJA

Watoto hawa wanane hawakukosa lolote. Tuliobadilisha siku ni sisi. Mmoja atakuwa safarini, mwingine shule yake ya bweni haimruhusu, mwingine anakwenda kumuuguza ndugu. Ada zao mikononi mwetu ni amana, si mali ya mashindano.

Tuliwapa njia tatu, kila mzazi achague mwenyewe. Ya kwanza ni kurudishiwa ada yote. Ya pili ni kumpa nafasi mtoto mwingine wa madrasa hiyohiyo na wa daraja hilohilo la kuhifadhi. Ya tatu ni ada kubaki kwa ajili ya mashindano ya mwaka unaofuata. Watazamaji walionunua tiketi za Tokyo nchini Japani walitendewa karibu na hivyo. Kabla hawajazuiwa kuingia viwanjani baadaye, tiketi zao zilihesabiwa halali kwa tarehe mpya bila kununua tena, na wasioweza kwenda wakapewa muda wa kuomba fedha zao.

Wazazi 4 walichagua kurudishiwa, 3 walileta mtoto wa badala, na 1 aliacha ada kwa mwaka unaofuata. Ada zilizorudishwa kwa simu, gharama ya kutuma tuliibeba sisi. Mzazi aliyelipa 3,000 apokee 3,000 kamili. Kila aliyerudishiwa aliandikwa siku, kiasi na namba ya muamala, na risiti yake ya zamani ikaandikwa "IMERUDISHWA" ili isitumike tena mlangoni.

Mzazi mmoja aliomba mwanawe asikilizwe peke yake mapema, tarehe nyingine. Hilo tulilikataa kwa adabu na kwa sababu. Majaji wanaowasikiliza watoto wengine wasingekuwepo, na alama za siku mbili na majaji wawili tofauti hazilinganishwi kwa haki. Si kila ombi linakubalika, lakini kila ombi lastahiki jibu lenye sababu. Yeye akachagua kurudishiwa ada.

HATUA YA TANO: KUIUA TAREHE YA ZAMANI KILA MAHALI

Tulikaa na kalamu tukajiuliza: tarehe 12 Aprili imeandikwa wapi na wapi? Tulipata mahali kumi na moja. Daftari kuu, nakala ya daftari kwa mweka hazina, risiti, bango la msikitini, ubao wa madrasa, barua za mwaliko wa wageni, barua tuliyoipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, karatasi za majaji, makubaliano ya gari, oda ya mchele na nyama, na vyeti vilivyokwisha kuchapishwa. Kila kimoja kilipewa mtu wa kukirekebisha na siku ya kumaliza.

Bango na daftari havirekebishwi kwa namna moja. Bango la zamani libanduliwe kabisa, kwani mpita njia husoma namba kubwa tu. Bango jipya liwe na mstari usemao "Tangazo hili linafuta lile la tarehe 12 Aprili," kwa sababu picha ya la zamani itaendelea kuzunguka katika simu za watu. Daftari nalo lisifutwe kwa kifutio. Piga mstari mmoja juu ya tarehe ya zamani ili iendelee kusomeka, andika mpya pembeni, weka sahihi na siku uliyobadilisha. Miezi miwili baadaye mtu akija na risiti ya 12 Aprili, daftari litaeleza kilichotokea.

Orodha kuu iwe moja tu. Nakala ya mweka hazina ilipoachwa nyuma wiki moja, ilionyesha watoto 64, na mpishi karibu anunue chakula cha 64. Washiriki wa kweli ni 56 waliokubali pamoja na 3 wa badala, yaani 59.

Hesabu ya fedha ndiyo inayothibitisha kwamba majina yamekaa sawa. Zilikuwa 192,000. Tumerudisha 3,000 mara 4, yaani 12,000. Zimebaki 180,000. Washiriki 59 kwa 3,000 ni 177,000, na ile 3,000 moja ni ya mtoto wa mwaka unaofuata. Jumla 180,000. Fedha na majina vimekutana.

SIKU YA ZAMANI ILIPOFIKA

Pamoja na yote hayo, Jumamosi tarehe 12 Aprili hatukuufunga mlango. Mwalimu mmoja alikaa madrasani tangu saa 1 asubuhi hadi adhuhuri, na daftari, chupa ya chai na blanketi moja, endapo mtoto atafika ameloa. Katika watoto 64 hakuja hata mmoja.

Alikuja mama mmoja na beseni la vitumbua. Alikwisha kusikia kwamba siku ile patakuwa na watu wengi, akaamka usiku kupika. Hakuwa katika orodha yetu yoyote, kwa sababu daftari huwafikia walioandikwa tu. Mwalimu alivinunua vitumbua vyote, vikaliwa na wanafunzi wa darasa la jioni, na kwenye karatasi ya mahali kumi na moja tukaongeza mahali pa kumi na mbili: wafanyabiashara wa jirani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtoto wa badala analeta risiti yenye jina la mwenzake. Utaandika nini katika daftari, na nini juu ya risiti?

2. Walioandikishwa ni 40. NDIYO ni 29, HAPANA ni 6, wasiopatikana kwa simu ni 4. Kuna kosa gani, na utalitafutaje?

3. Andika ujumbe usiozidi herufi 160 wa kuhamisha darasa lenu kutoka Alhamisi kwenda Jumapili. Kisha mpe mdogo wako ausome, umwulize siku tu. Akikosea, urekebishe ujumbe, usimlaumu msomaji.

Wabillahi tawfiq.